Retikulamu rafu na retikulamu laini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mazungumzo ya Kulwa na Doto

Nafundisha bayolojia hapa Mwanza. Jumamosi moja nilikuwa Capri Point na wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tano, mapacha, ambao hapa nawaita kwa majina ambayo Usukumani hupewa pacha yeyote: Kulwa aliyetangulia kuzaliwa na Doto aliyefuata. Walikaa juu ya jiwe wakitazama ziwa na kuulizana kuhusu retikulamu ya endoplazimu, ule wavu wa utando ulio ndani ya seli, wenye sehemu rafu na sehemu laini. Doto alichora utando juu ya jiwe kwa kipande cha mkaa alichookota pale watu wanapochoma samaki. Darasani wanasoma mada hii kwa Kiingereza, lakini wanapobaki wawili wanaulizana kwa Kiswahili, na hapo ndipo unapojua nani kaelewa na nani kakariri.

Niliwaomba ruhusa nikayaandika mazungumzo yao, na tangu hapo nawapa madarasa mengine wayasome. Maswali yanayonirudia ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Mazungumzo yenyewe yalikuwaje?

KULWA: Haya, rafu ni ipi na laini ni ipi?

DOTO: Rafu ina ribosomu, laini haina.

KULWA: Hizo ribosomu zimekaa upande gani wa utando?

DOTO: Ndani. Si ndiko protini inakoingia?

KULWA: Umekosa. Ziko nje, upande wa saitoplazimu. Protini inasukumwa kuingia ndani, ribosomu yenyewe inabaki nje.

DOTO: Aaa, kama mtu aliyekaa barazani anapitisha kamba tunduni. Yeye yuko nje, kamba inaingia chumbani.

KULWA: Hapo sawa. Na umbo?

DOTO: Rafu ni mifuko bapa iliyopangana. Laini ni mirija iliyoungana huku na huku.

KULWA: Taja seli yenye rafu nyingi.

DOTO: Seli za kongosho zinazotoa vimeng'enya vya chakula. Zamu yangu sasa. Yenye laini nyingi?

KULWA: Seli za korodani zinazotengeneza testosteroni.

DOTO: Na ini je?

KULWA: Ini lina laini nyingi. Na rafu pia.

DOTO: Chagua moja.

KULWA: Sichagui. Ini linatengeneza albumini ya damu, hiyo inataka rafu. Halafu linashughulikia dawa tunazomeza, hiyo inataka laini.

DOTO: Haya, la mwisho. Mtu ana kifafa, anameza fenobabitoni kila siku. Baada ya wiki kadhaa, ipi itakuwa imeongezeka kwenye ini lake?

KULWA: Laini.

DOTO: Imeongezeka kutoka wapi? Vimeng'enya vyake si protini? Protini zinatengenezwa na nani?

KULWA: Na ribosomu. Ngoja kwanza. Laini haina ribosomu. Sasa inajijengaje?

DOTO: Ndiyo nakuuliza wewe.

KULWA: Tumuulize madam.

Nikaulizwa. Jibu langu liko chini, kwenye swali la fenobabitoni, na ndilo refu kuliko yote kwa sababu ndilo linalofungua mada nzima.

Hivi ni vitu viwili au kitu kimoja?

Ni utando mmoja. Ukiweza kujipenyeza ndani ya uvungu wa retikulamu rafu na kutembea, utaingia kwenye mirija ya laini bila kuvuka ukuta wowote. Ukirudi upande wa pili utafika kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili zinazozunguka kiini cha seli, kwa sababu utando wa nje wa kiini umeungana na retikulamu rafu, na wenyewe pia una ribosomu juu yake.

Nalisisitiza hili mapema kwa sababu jedwali la safu mbili, lile ambalo kila mwanafunzi analo kwenye daftari, linawafanya waamini kuwa ni viungo viwili vilivyokaa mbalimbali, mfano wa figo na moyo. Kulwa alikwama kwa sababu hiyo hiyo. Aliijua kila safu ya jedwali, ila hakuwa amewahi kufikiri kuwa safu ya kwanza inaweza kuilisha ya pili.

Kwa nini kwenye picha za hadubini ya elektroni laini haionekani kama mirija?

Swali zuri, na linawakosesha wengi alama. Wanaambiwa laini ni mirija, kisha wanaonyeshwa picha yenye viduara vidogo vilivyotawanyika, wanaandika kuwa ni vifuko vya usafirishaji.

Kumbuka kwamba picha ile imetokana na kipande cha seli kilichokatwa chembamba mno, chini ya nanomita 100. Chukua chapati kumi zilizopangwa juu ya sahani, uzikate kwa kisu kutoka juu hadi chini, kisha utazame ubavu wa mkato: utaona mistari mirefu inayoenda sambamba. Hiyo ndiyo rafu, mifuko bapa iliyopangana. Sasa chukua mzigo wa mabua ya mtama, ukate katikati, utazame mkato: utaona viduara vingi. Hayo mabua hayajageuka kuwa viduara, wewe ndiye uliyeyakata kwa kuyapitia upana. Mirija ya laini huenda kila upande, kwa hiyo katika mkato mmoja baadhi huonekana duara, baadhi yai, na michache iliyobahatika kulala sambamba na kisu huonekana kama mirija kweli, tena mara nyingine ikiwa na matawi. Hilo tawi ndilo la kutafuta. Vifuko vya usafirishaji havina matawi.

Alama ya pili ni vinukta vyeusi. Kwenye rafu vimejipanga kando ya mstari, upande wa nje tu, kama Kulwa alivyosema. Ukiona vinukta vimeelea katikati ya saitoplazimu bila kugusa utando, hizo ni ribosomu huru, wala usiziite rafu.

Ribosomu inajuaje kwamba inatakiwa kwenda kushika utando?

Haijui. Protini inayotengenezwa ndiyo inayobeba habari hiyo.

Ribosomu za rafu na ribosomu huru ni zile zile. Hakuna kabila la ribosomu lililozaliwa kwa ajili ya utando. Kila moja huanza kazi ikiwa huru kwenye saitoplazimu, na kitakachotokea baadaye kinategemea maneno ya kwanza ya ujumbe inaousoma.

Tuichukue insulini, kwa kuwa wengi tuna ndugu anayeitumia. Inatengenezwa kwenye seli za beta za kongosho. Ribosomu inaanza kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na mnyororo kamili ungekuwa na asidi amino 110. Lakini 24 za mwanzo ni anwani. Sehemu ya kati ya anwani hiyo imejaa asidi amino zisizopenda maji. Mara tu inapochomoza nje ya ribosomu, chembe maalumu inayozunguka kwenye saitoplazimu huitambua, huikamata, na kuifanya ribosomu ipunguze mwendo au isimame kidogo. Kisha huipeleka ribosomu nzima, pamoja na mnyororo wake ambao haujaisha, mpaka kwenye kipokezi kilicho juu ya utando wa retikulamu. Pale kuna tundu la protini. Mnyororo unapitishwa tunduni, chembe ile inaondoka, na ribosomu inaendelea na kazi. Ile kamba ya Doto na mtu wa barazani ni mfano sahihi kabisa.

Anwani ikishafanya kazi yake hukatwa. Zinabaki asidi amino 86. Ndani ya uvungu mnyororo unakunjwa, na madaraja 3 ya salfa yanafungwa ili usifumuke. Hapo ndipo unapopakiwa kwenye kifuko kwenda kwenye vifaa vya Golji na kuendelea mbele, ambako kipande cha katikati huondolewa. Insulini inayoingia kwenye damu ina asidi amino 51.

Wazo la kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe lilifanyiwa kazi na Günter Blobel na wenzake tangu miaka ya 1970, na mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake.

Kwa hiyo "rafu hutengeneza protini" ni jibu sahihi?

Ni nusu ya jibu, nami huwa natoa nusu ya alama. Protini za himoglobini hutengenezwa na ribosomu huru. Vimeng'enya vinavyovunja glukosi kwenye saitoplazimu, vivyo hivyo. Protini za ndani ya kiini, vivyo hivyo. Jibu kamili linasema ni protini zipi: zile zitakazotolewa nje ya seli, zitakazokaa kwenye tando, na zitakazokwenda kwenye laisosomu au kubaki ndani ya mfumo huo wa tando. Mwanafunzi akiandika hivyo najua ameelewa kwa nini seli za kongosho zimejaa rafu, kwani kutoa protini nje ndiyo kazi yake ya mchana na usiku.

Mbona kila kitabu kina orodha tofauti ya kazi za laini?

Kwa sababu kazi zake hutegemea seli iko wapi. Kwenye korodani na kwenye tezi zilizo juu ya figo, laini inashiriki kutengeneza homoni za jamii ya steroidi kutokana na kolesteroli. Wala haifanyi peke yake: hatua ya kwanza ya kuikata kolesteroli inafanyika ndani ya mitokondria, halafu zao lake linahamia kwenye laini kwa hatua zinazofuata. Kwenye misuli ina jina lake, retikulamu ya sakoplazimu, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi kalsiamu, kuimwaga msuli unapotakiwa kukaza na kuivuta tena unapolegea. Kwenye ini inashughulikia dawa na mafuta. Mvuvi anayevuta wavu pale Mwaloni anatumia laini ya misuli kwa kila mvuto, na jioni akimeza dawa ya kichwa anaitumia ile ya ini.

Sikushauri ukariri orodha moja kana kwamba kila seli inayo yote. Ukiulizwa kazi, taja na seli.

Fenobabitoni inahusianaje na haya yote?

Sasa tumefika kwenye swali la Doto. Fenobabitoni ni dawa ya zamani ya kifafa, na bado inatumika sana kwetu. Inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inaweza kuvuka tando na kufika kwenye ubongo. Lakini sifa hiyo hiyo inaleta tabu wakati wa kuiondoa mwilini. Figo ikichuja kitu kinachopenda mafuta, sehemu kubwa inapenya kwenye kuta za mirija ya figo na kurudi kwenye damu. Ili dawa ya namna hiyo itoke vizuri, inabidi igeuzwe iwe kitu kinachopenda maji.

Kazi hiyo inafanyika hasa kwenye ini. Ndani ya utando wa retikulamu laini kumejipachika familia ya vimeng'enya iitwayo saitokromu P450. Vinachukua atomu moja ya oksijeni na kuibandika kwenye dawa. Hapo dawa imepata mahali pa kushikiwa. Kimeng'enya kingine, nacho kipo kwenye utando huo huo, huja na kipande chenye asili ya sukari na kukiunga pale. Zao la mwisho linayeyuka kwenye maji na kutoka kwa mkojo au kwa nyongo.

Mgonjwa akiimeza siku moja, vimeng'enya vilivyopo vinatosha. Akiimeza kila siku, seli ya ini inapokea taarifa. Dawa inaamsha kipokezi ndani ya seli, kipokezi kinaingia kwenye kiini, na jeni za baadhi ya saitokromu P450 zinaanza kusomwa kwa wingi. RNA mjumbe inatoka. Sasa jiulize swali la Doto: nani atausoma ujumbe huo?

Ribosomu. Na kwa kuwa saitokromu P450 ya ini ni protini ya kukaa ndani ya utando, mwanzo wa mnyororo wake una anwani ya kuipeleka kwenye retikulamu. Kwa hiyo ribosomu inakwenda kushika utando, na mahali iliposhika panakuwa rafu. Kimeng'enya kinapachikwa kwenye utando wa rafu. Wakati huohuo fosfolipidi mpya zinatengenezwa na utando unapanuka. Kwa kuwa rafu na laini ni utando mmoja, kimeng'enya kinateleza ndani ya utando huo mpaka kwenye sehemu isiyo na ribosomu, na sehemu hiyo inazidi kukua, mirija juu ya mirija. Panya waliopewa dawa hii kwenye maabara katika miaka ya 1960 walionyesha mfuatano huo: vimeng'enya vipya vilianza kuonekana kwenye rafu, kisha vikaonekana kwa wingi kwenye laini, na ndani ya siku chache seli za ini zilikuwa zimejaa mirija.

Kwa hiyo Kulwa alikuwa sahihi kusema "laini", na Doto alikuwa sahihi kumkatalia asiishie hapo. Laini inakua, ila imejengwa kwa vifaa vilivyotoka kwenye rafu. Nilipowaeleza hivyo, Doto alichukua mkaa wake, akaurefusha ule mstari wa rafu alioujaza vinukta, akauendeleza bila vinukta na kuupa matawi. Mchoro mmoja, mstari mmoja. Ndio mchoro ninaouchora ubaoni mpaka leo.

Dawa ikiachwa, mirija ya ziada haibaki. Seli huizungushia utando, huipeleka kwenye laisosomu na kuimeng'enya. Kwa panya, ini lilirudi karibu na hali yake ya awali ndani ya siku chache.

Je, kukua huko kuna athari kwa mgonjwa?

Ndiyo, na hapa tunatoka kwenye mtihani. Vimeng'enya hivyo havichagui sana. Vilivyoongezwa kwa sababu ya fenobabitoni vitashughulikia na dawa nyingine zinazopita njia hiyo. Mama anayetumia fenobabitoni na vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba bila kukosa kidonge hata kimoja, kwa sababu ini lake linaziondoa homoni za vidonge haraka kuliko kawaida. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ina tabia hiyo hiyo, tena kwa nguvu kubwa.

Wanafunzi wengine wananiambia wana ndugu walio kwenye dawa hizi. Kwa hao nasema wazi: asiache dawa. Kuacha fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, na kukatiza dawa za kifua kikuu kunampa mdudu nafasi ya kuwa sugu. Aende kituo cha afya, aseme anameza dawa gani nyingine, apangiwe njia ya uzazi wa mpango inayofaa.

Vitabu vinasema laini "huondoa sumu". Ni kweli kila mara?

Hapana, na ningependa neno hilo litumiwe kwa uangalifu. Saitokromu P450 inabandika oksijeni, basi. Haijui kama kitakachotokea ni kizuri au kibaya. Parasetamo ni mfano ulio karibu nasi. Kwa kiwango sahihi, sehemu kubwa yake huungwa na kutolewa bila shida, na sehemu ndogo tu hupitia kwa saitokromu P450 na kugeuka kuwa kitu chenye sumu kali. Ini lina akiba ya glutathioni inayokidaka papo hapo. Mtu akimeza vidonge vingi kupita kiasi, akiba inaisha na sumu hiyo inaanza kuua seli za ini. Maana yake parasetamo yenyewe haikuwa sumu mpaka retikulamu ilipoigeuza.

Ubaya ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kujiona mzima, au akatapika tu kidogo. Macho ya njano huja baadaye. Aliyezidisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheka, kwani dawa ya kurudisha ile akiba ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo.

Tunaweza kuziona kwa hadubini ya shule?

Utando wenyewe, hapana. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na ribosomu moja ina upana wa nanomita 25 hadi 30. Ndiyo maana wavu huu ulisubiri hadubini ya elektroni. Picha za kwanza zilizouonyesha zilichapishwa mwaka 1945 na Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam, kutoka kwenye seli za kiinitete cha kuku.

Lakini kivuli chake mnaweza kukiona. Shule ikiwa na slaidi ya kongosho iliyotiwa rangi ya hematoksilini na eosini, tafuteni vishada vya seli vinavyozunguka katundu kadogo cha katikati. Upande wa seli ulio mbali na katundu una rangi ya zambarau iliyokolea, na upande ulio karibu nako ni wa waridi wenye punje. Ile zambarau ni RNA ya ribosomu nyingi mno zilizojazana kwenye retikulamu rafu. Ile waridi ni vimeng'enya vilivyokwisha kupakiwa vikisubiri kutolewa. Mmeona kiwanda na ghala katika seli moja.

Laini haina RNA, kwa hiyo haikolei rangi hiyo. Sehemu yenye laini nyingi huonekana ya waridi tu, na mitokondria nazo hufanya hivyo hivyo, basi kwa slaidi hiyo peke yake usithubutu kudai umeiona laini.

Swali likisema "tofautisha", nijibuje?

Kigezo kimoja, pande zote mbili, katika sentensi moja. Jibu la kwanza la Doto kwenye daftari lilikuwa: "Rafu ina ribosomu. Laini hutengeneza lipidi." Kila sentensi ni kweli, lakini hakuna tofauti iliyotajwa, kwa kuwa ya kwanza inahusu muundo na ya pili inahusu kazi. Nilimwomba aandike upya, akaandika: "Utando wa rafu una ribosomu upande wa saitoplazimu, ilhali utando wa laini hauna." Kisha: "Rafu kwa kawaida ni mifuko bapa, ilhali laini ni mirija yenye matawi." Kisha: "Rafu huingiza na kukunja protini za kutolewa nje au za tando, ilhali laini, kwa mfano kwenye seli za korodani, hutengeneza steroidi."

Angalia alivyoweka "kwa kawaida" na "kwa mfano". Maneno hayo yana sababu. Fosfolipidi zinatengenezwa kwenye rafu pia. Kimeng'enya cha ini kinachoachia glukosi iingie kwenye damu wakati una njaa, ambacho vitabu vingi vinakiandika chini ya laini, kipo kwenye sehemu zote mbili. Mpaka ulio kwenye jedwali ni mkali kuliko ulio kwenye seli.

Kuna seli isiyo na retikulamu kabisa?

Ipo, tena unayo kwa matrilioni. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, ribosomu, wala retikulamu. Himoglobini yake ilitengenezwa na ribosomu huru kabla haijakomaa, vyombo vyote vikatolewa, na sasa inaishi siku 120 hivi bila uwezo wa kutengeneza protini nyingine. Bakteria nao hawana, lakini kwa namna tofauti: ribosomu wanazo, na protini wanazotaka kuzitoa nje huzipitisha kwenye utando wa seli yenyewe, kupitia tundu ambalo ni ndugu wa lile la retikulamu yetu.